Kutoka V/m hadi W/m²: kukokotoa nishati inayobebwa na wimbi bapa la sumakuumeme

Maswali ni yale yale, yawe yametoka kwa mwanafunzi wa kidato cha sita Tabora au kwa fundi wa sola Kigoma. Nimepewa kilele cha uga wa umeme, nipate vipi wati kwa mita ya mraba? Ile nusu kwenye fomula inatoka wapi, na kwa nini mara nyingine haipo? Mwanga ukiingia majini, mbona hesabu inaonyesha nishati imepotea? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho: mwanga wa jua la adhuhuri unaoshuka wima juu ya Ziwa Tanganyika, hapo ufukweni Kibirizi. Kigoma na Tabora zote zipo karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo mapema Machi na mapema Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu kabisa na utosi. Siku hizo mwanga unashuka wima, nasi tunapata hesabu safi isiyohitaji kusumbuka na pembe.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

Kikokotoo chenye vipeo vya kumi, karatasi, na namba hizi nne:

```
c  = 2.998 × 10^8 m/s
ε0 = 8.854 × 10^-12 F/m
μ0 = 4π × 10^-7 T·m/A
Z0 = μ0 × c = 376.7 Ω
```

Ya nne ndiyo itakayokuokolea muda mwingi. Z0 ni uwiano wa uga wa umeme na uga wa sumaku uliogawanywa kwa μ0, wimbi likiwa angani, na kizio chake ni omu. Ukishaizoea, hutahitaji tena kuhangaika na kumi kwa kipeo cha hasi kumi na mbili, mahali ambapo vidole huteleza sana.

Unahitaji pia kilele cha uga wa umeme, yaani E0. Katika mfano wetu E0 = 850 V/m. Jambo moja liwekwe wazi mapema: mwanga wa jua ni mchanganyiko wa mawimbi ya rangi nyingi yasiyokwenda kwa hatua moja, hivyo hauna kilele kimoja halisi. Hiyo 850 ni kilele cha wimbi moja safi ambalo lingebeba nishati sawa na mwanga huo. Kwa hesabu za nishati inatosha kabisa. Kwa mwanga wa leza au mawimbi ya redio, E0 ni kilele halisi.

Hatua ya 1: Jua namba uliyopewa ni ya aina gani

Usiguse kikokotoo kabla ya kujibu hili. Uga wa wimbi hupanda na kushuka kama kosaini. Urefu wake wa juu kabisa ndio kilele, E0. Lakini vifaa vingi vya kupima uga, hasa vile vinavyotumika karibu na minara ya redio na simu, havionyeshi kilele. Huonyesha thamani tendaji, ile inayoandikwa RMS kwenye kioo, ambayo ni kilele kilichogawanywa kwa 1.414. Umeme wa nyumbani tunaouita wa volti 230 umetajwa hivyo hivyo: kilele chake ni karibu volti 325.

Kwa hiyo kuna fomula mbili za ukali wa mwanga, I, yaani wastani wa wati kwa mita ya mraba, na zote ni sahihi kila moja mahali pake:

```
ukitumia kilele:  I = E0² / (2 × Z0)
ukitumia RMS:     I = Erms² / Z0
```

Hapa ndipo jibu la "mbona nusu mara ipo mara haipo" lilipo. Ukiweka RMS kwenye fomula ya kilele utapata nusu ya jibu sahihi. Ukiweka kilele kwenye fomula ya RMS utapata mara mbili. Jibu lako likitofautiana na la mwenzako kwa mara mbili kamili, msitafute kosa pengine kwanza, rudini hapa.

Swali la mtihani likiandika uga kama E = 850 cos(kx − ωt), namba iliyo mbele ya kosaini ni kilele. Yetu ni kilele.

Hatua ya 2: Tafuta kilele cha uga wa sumaku

Angani, uga wa sumaku hufuata ule wa umeme kwa uwiano usiobadilika:

```
B0 = E0 / c = 850 / (2.998 × 10^8) = 2.835 × 10^-6 T
```

Ni mikrotesla 2.8 tu. Wengi wakiona udogo huo hudhani uga wa sumaku unabeba sehemu ndogo ya nishati, wakaamua kuupuuza. Si hivyo. Tesla na volti kwa mita ni vizio tofauti na ukubwa wa namba zake hauwezi kulinganishwa moja kwa moja. Katika wimbi bapa angani, umeme na sumaku hubeba nishati nusu kwa nusu, kila mahali na kila wakati. Kumbuka hilo hadi hatua ya 4.

Hatua ya 3: Kokotoa mtiririko wa nishati

Nishati inayopita kwenye mita moja ya mraba kwa sekunde moja hutolewa na vekta ya Poynting. Jina ni la John Henry Poynting, aliyeichapisha mwaka 1884. Katika wimbi bapa nyuga mbili zimesimama wima moja kwa nyingine, hivyo ukubwa wa vekta ni kuzidisha tu:

```
S = E × B / μ0
S ya juu = 850 × 2.835×10^-6 / (4π×10^-7) = 1918 W/m²
```

Hii 1918 si ukali wa mwanga. Ni kiwango ambacho mtiririko unafikia kwa nukta fupi sana, pale E na B zinapokuwa kileleni kwa pamoja. Robo ya mzunguko baadaye nyuga zote mbili ni sifuri, na mtiririko nao ni sifuri. Mwanga wa kijani huzunguka zaidi ya mara trilioni 500 kwa sekunde. Hakuna paneli, jicho wala ngozi inayoweza kufuata kupanda na kushuka huko. Vyote hupokea wastani.

Sasa, kwa kuwa E na B zote ni kosaini za hatua moja, kuzizidisha kunatoa kosaini ya kipeo cha pili, ambayo huenda kutoka 0 hadi 1 na wastani wake ni nusu kamili. Nusu yetu ndipo inapozaliwa:

```
I = E0² / (2 × Z0)
I = 850² / (2 × 376.7)
I = 722500 / 753.4
I ≈ 959 W/m²
```

Ukipenda njia ya ε0, ni I = ½ × c × ε0 × E0², na jibu ni lile lile. Inafaa kukariri kwamba ½ × c × ε0 ni karibu 0.001327. Ukizidisha E0² kwa namba hiyo umemaliza.

Angalia kwamba E0 imepigwa kipeo cha pili. Wimbi lenye kilele cha 425 V/m, nusu ya letu, lina ukali wa robo, yaani karibu 240 W/m².

Hatua ya 4: Hakiki kwa njia ya ujazo

Usiiruke hatua hii, maana inakamata makosa ambayo kurudia hesabu ile ile hakuyakamati. Badala ya kuangalia nishati inayopita, angalia nishati iliyomo ndani ya mita moja ya ujazo ya wimbi, kisha izidishe kwa mwendo wa mwanga.

Wastani wa nishati ya uga wa umeme ni ¼ × ε0 × E0². Nishati ya uga wa sumaku ni sawa nayo. Jumla:

```
u = ½ × ε0 × E0²
u = 0.5 × 8.854×10^-12 × 722500 = 3.20 × 10^-6 J/m³
u × c = 959 W/m²
```

Imelingana. Kosa linalojitokeza hapa mara nyingi ni la mtu aliyekariri kutoka kwenye mada ya kapasita kwamba nishati ya uga wa umeme ni ½ × ε0 × E². Fomula hiyo ni kweli kwa uga uliotulia au kwa nukta moja ya wakati. Mtu akiichukua, akaweka E0, akasema hiyo ni ya umeme peke yake, kisha akaongeza ya sumaku, anapata 1918 badala ya 959. Amesahau wastani. Mwingine anakumbuka wastani lakini anasahau sumaku, anapata 479. Kuna hata anayesahau vyote viwili: huyo hupata jibu sahihi kwa bahati, halafu hukwama swali linapouliza nishati ya umeme pekee. Andika ile robo mara mbili, moja ya umeme na moja ya sumaku, ndipo ujumlishe.

Hatua ya 5: Leta eneo, pembe na muda

Ukali ukishapatikana, kinachobaki ni hesabu ya kawaida. Paneli ya sola yenye eneo la mita za mraba 0.5, imelalia ikitazama jua moja kwa moja, inapokea:

```
P = 959 × 0.5 ≈ 479 W
kwa dakika 10:  479.5 × 600 ≈ 288 000 J
```

Paneli ikigeuza takribani asilimia 20 ya hiyo kuwa umeme, inatoa kama wati 96. Hapo una njia nzuri ya kujua kama uko kwenye dunia halisi: paneli iliyoandikwa wati 100 madukani ina ukubwa wa karibu nusu mita ya mraba, na maandishi hayo hutolewa kwa mwanga wa 1000 W/m². Hesabu yako ikisema paneli ya ukubwa huo itoe wati 1 au wati 10 000, kuna kipeo cha kumi kimekosewa.

Paneli ikiinama, zidisha kwa kosaini ya pembe. Pembe inapimwa kati ya mwale wa jua na mstari uliosimama wima juu ya uso wa paneli, si kati ya mwale na uso wenyewe. Kwa nyuzi 30: 959 × 0.866 ≈ 830 W/m². Ukali wa mwanga wenyewe haujabadilika. Kilichopungua ni upana wa mwanga ambao paneli inaukinga.

Hatua ya 6: Ingiza wimbi majini

Sasa mwanga wetu unagusa uso wa ziwa lililotulia. Hapa ndipo panapowatatanisha hata wenye alama nzuri, kwa hiyo tuende taratibu.

Majini mwanga hupungua mwendo. Namba n inaonyesha umepungua mara ngapi. Kwa maji ni karibu 1.333. Mwale ukishuka wima, kilele cha uga unaoingia na kile cha uga unaorudishwa ni:

```
unaoingia:      E0 × 2/(1 + n)     = 850 × 0.857 = 728.6 V/m
unaorudishwa:   E0 × (n−1)/(n+1)   = 850 × 0.143 = 121.4 V/m
```

Anayeanza huchukua 728.6, akaipeleka kwenye fomula ya hatua ya 3, akapata karibu 705 W/m². Unaorudishwa unampa karibu 20 W/m². Jumla 725. Zilizofika juu ya uso wa maji ni 959. Zile 234 zimekwenda wapi?

Hazijakwenda popote. Fomula iliyotumika ni ya angani. Majini uwiano wa nyuga umebadilika: B0 = n × E0 / c. Uga wa umeme umepungua, lakini wa sumaku umeongezeka:

```
B0 majini = 1.333 × 728.6 / (2.998×10^8) = 3.24 × 10^-6 T
```

Juu ya maji ulikuwa 2.835. Kwa kuwa mtiririko ni E mara B, fomula ya majini inabeba n:

```
I = n × E0² / (2 × Z0)
I = 1.333 × 728.6² / 753.4 ≈ 939 W/m²
```

Jumlisha 939 na 20: unapata 959. Asilimia 98 imeingia, asilimia 2 imerudi. Hesabu ya mpakani isipofunga hivi, usiendelee mbele.

Hii 939 ni ya chini kidogo tu ya uso. Ukishuka zaidi maji yenyewe hula mwanga, mwekundu ukitangulia kupotea, na hilo linahitaji hesabu nyingine. Ziwa likiwa na mawimbi, au jua likiwa limeinama, zile sehemu za 0.857 na 0.143 nazo hubadilika.

Kurudi nyuma: una W/m², unataka V/m

Geuza fomula: E0 = √(2 × Z0 × I). Kwa 1000 W/m² unapata √753 400, karibu 868 V/m. Ukitaka RMS, ondoa ile 2 ndani ya kipeuo: karibu 614 V/m.

Njia hii ina kipimo kizuri cha kujisahihisha. Miongozo ya mwaka 1998 ya ICNIRP, tume ya kimataifa inayoshughulikia usalama wa mawimbi kama ya redio, iliwawekea watu wa kawaida kikomo cha 28 V/m kwa masafa ya 10 hadi 400 MHz, na ikakitaja pia kama 2 W/m². Jaribu: 28² / 376.7 = 2.08. Inakaribiana, kwa hiyo unajua bila kuuliza kwamba 28 ile ni RMS. Ingekuwa kilele, jibu lingekuwa karibu 1.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatambua

*Kifaa kimeandika 3 V/m karibu na mnara wa FM, hesabu inatoa 0.012 W/m².* Umetumia fomula ya kilele kwa namba ya RMS. Sahihi ni 9 / 376.7 = 0.024 W/m². Kama kioo cha kifaa kinaonyesha µW/cm², kumbuka 1 W/m² ni 100 µW/cm², hivyo kifaa kinapaswa kusoma karibu 2.4.

*Jibu la paneli iliyoinama ni dogo kupita kiasi.* Kikokotoo kipo kwenye radiani. Kwa nyuzi 30 utaona 148 W/m² badala ya 830. Kirudishe kwenye DEG.

*Jibu ni kubwa au dogo kwa mara kumi, au kwa mamilioni na zaidi.* Mara nyingi alama ya hasi kwenye kipeo cha ε0 imerukwa, au mtu ameandika 10 kisha akabonyeza EXP, hivyo kumi moja imeingia mara mbili. Fanya upya kwa Z0.

*Umepata ukali mahali pamoja, umeutumia kwa umbali mwingine, haulingani.* Wimbi bapa halipungui kwa umbali, ila wimbi bapa kamili halipo. Ni sehemu ndogo ya wimbi kubwa linalotanuka. Kwa jua, tofauti kati ya ufukwe na mlimani haitokani na kutanuka huko, kwani jua liko mbali mno. Kwa taa ya mvuvi wa dagaa, umbali ukiongezeka mara mbili ukali hubaki kama robo. Fomula ya E0 bado ni halali pale ulipopimia, lakini usiibebe kwenda kwingine.

*Umepima ukiwa umeukaribia sana mlingoti wa redio.* Kwa FM ya 100 MHz urefu wa wimbi ni mita 3. Ukiwa ndani ya umbali wa wimbi moja hivi kutoka kwenye antena, au karibu na antena ndefu yenye vipande vingi, uwiano wa E na B si c tena. Hapo kupima E peke yake hakutoshi. Pima na uga wa sumaku pia, au sogea mbali.

*Namba inarukaruka ukisogea hatua moja karibu na nyumba ya bati.* Hili ndilo linalodanganya zaidi. Bati hurudisha wimbi la redio karibu lote, na wimbi linalokwenda likikutana na linalorudi yanasimama mahali pamoja. Katika umbali wa robo ya urefu wa wimbi kutoka kwenye bati, sentimita 75 kwa 100 MHz, uga wa umeme unakaribia mara mbili ya kawaida, na fomula itakupa ukali mara nne. Ukiwa umeligusa bati, uga unakaribia sifuri na fomula itasema hakuna kitu. Majibu yote mawili si ya kweli: nishati inayokwenda na inayorudi karibu zinafutana, na mtiririko halisi ni mdogo sana mahali pote pawili, kwa sababu katika wimbi lililosimama E na B hazifiki kileleni kwa pamoja. Ili kutambua, sogeza kifaa taratibu kwa mita mbili ukielekea kwenye ukuta na kurudi. Usomaji ukipanda kwa sentimita 75 kisha ukashuka kwa 75 zinazofuata, uko ndani ya wimbi lililosimama. Toka uende mahali pa wazi mbali na bati, nyaya na magari, pima sehemu kadhaa, piga kila usomaji kipeo cha pili kwanza, ndipo uchukue wastani. Ukichukua wastani wa V/m kabla ya kupiga kipeo cha pili, jibu la W/m² litakuwa pungufu.